Modeli ya malaria ikihamishwa kituo: kutambua mihamo mitatu, na kusahihisha mmoja kwa uzito

Kila wiki naulizwa nini kifanyike modeli ya malaria ikihamia kituo kingine na kuanza kukosea. Mtu ametengeneza modeli ya kubashiri nani atakutwa na malaria, ameipima kwa data ya kituo chake na imekaa vizuri. Anaipeleka kituo kingine, inaanza kukosea. Kabla hata hajaangalia kilichobadilika ameshaanza kuifundisha upya. Wengine wamesikia kwamba kuna dawa inayoitwa kupima uzito upya, yaani kuwahesabu baadhi ya wagonjwa wa zamani zaidi ya wengine, basi wanaimwaga kila mahali, hata pale inapoharibu zaidi.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tu mpaka mwisho. Modeli imefundishwa kwa rejesta ya wagonjwa wa nje ya kituo cha afya cha serikali karibu na Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako wengi wanaokuja na homa ni akina mama waliobeba watoto. Sasa inatakiwa kutumika kwenye kliniki ya binafsi karibu na soko la Malaba, ambako wengi ni watu wazima wanaotoka kazini. Kazi yake ni ndogo: vipimo vya haraka vikipungua, isaidie kupanga nani apimwe kwanza. Haimpi mtu dawa, na wala haichukui nafasi ya kipimo.

Takwimu zote za mfano nimezitunga ili zigawanyike bila kuchosha kichwa. Usizinukuu kama hali halisi ya Tororo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na faili la zamani, lenye sifa za wagonjwa pamoja na majibu yao ya kipimo. Uwe na faili jipya kutoka kituo unakokwenda, hata kama halina majibu. Uwe pia na sampuli ndogo ya kituo kipya yenye majibu. Bila hiyo utajua kwamba wagonjwa wamebadilika, lakini hutajua ni mhamo gani, yaani ni badiliko la aina gani. Lenga watu 100 hivi kwa kila kundi la umri. Kwenye kompyuta, Python yenye `pandas` na `scikit-learn` inatosha, na hatua za mwanzo hata karatasi na kalamu vinaziweza.

Sifa tutakazotumia ni tatu: umri, kama mgonjwa alilala kwenye neti jana usiku, na kama ametumia dawa ya malaria ndani ya wiki 4 zilizopita.

Mihamo mitatu kwa maneno machache

Kwenye kozi utaisikia ikiitwa kovarieti shifti, lebo shifti na konsepti drifti. Hapa nitaiita mhamo wa sifa, mhamo wa majibu na mhamo wa uhusiano.

Kwenye mhamo wa sifa, aina ya watu wanaokuja imebadilika, lakini mtu wa aina ileile ana uwezekano uleule wa kukutwa na malaria. Kwenye mhamo wa majibu, idadi ya wenye malaria imepanda au kushuka, lakini mwenye malaria bado anafanana na mwenye malaria wa zamani, na asiye nayo vivyo hivyo. Kwenye mhamo wa uhusiano, mtu yuleyule mwenye sifa zilezile sasa anapata jibu tofauti.

Upo mwelekeo unaosaidia kukisia kabla ya hesabu. Sifa inayotangulia ugonjwa, kama umri au neti, huleta mhamo wa sifa. Ugonjwa unapotangulia sifa, kama pale ambapo sifa zako ni homa, kutapika na maumivu ya viungo, msimu ukibadilika tegemea mhamo wa majibu. Hilo ni kisio tu. Uamuzi unatoka hatua ya 3.

Hatua ya 1: Hakikisha mafaili mawili yanaongea lugha moja

Mihamo mingi ninayoletewa siyo mihamo. Ni uandishi tofauti. Umri wa mtoto mchanga kwenye rejesta nyingi za Uganda huandikwa kwa sehemu ya kumi na mbili, yaani 8/12 ni miezi minane. Karani akiiingiza kwenye Excel, Excel inaigeuza kuwa tarehe bila kuuliza mtu. Ukiisoma faili hiyo unakuta watoto wachanga wametoweka, au wana umri wa miaka elfu arobaini na kitu, kwa sababu ndani ya Excel tarehe ni namba ya siku.

Kwa hiyo chapisha thamani ndogo na kubwa kabisa za kila safu kwenye mafaili yote mawili. Angalia pia kama nafasi tupu ina maana moja kote. Kituo kimoja kinaacha wazi safu ya neti kumaanisha hapana, kingine kumaanisha hakuulizwa.

Hatua ya 2: Linganisha sifa, usiguse majibu bado

Gawa umri kwenye makundi matatu na uhesabu sehemu ya kila kundi. Kwenye mfano wetu kila faili lina wagonjwa 1,000.

Kituo cha zamani, yaani cha Tororo: chini ya miaka 5 ni 600, miaka 5 hadi 14 ni 300, miaka 15 na zaidi ni 100.

Kliniki ya Malaba: chini ya miaka 5 ni 200, miaka 5 hadi 14 ni 300, miaka 15 na zaidi ni 500.

Sifa zimehama, hilo halina ubishi. Lakini usisimame hapo na kutangaza mhamo wa sifa. Mihamo mingine miwili nayo inaweza kuja pamoja na mabadiliko ya sifa.

Hatua ya 3: Amua ni mhamo gani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua sampuli yenye majibu na uhesabu asilimia ya waliokutwa na malaria ndani ya kila kundi, siyo kwa jumla.

Tuseme Tororo ilikuwa hivi: watoto wa chini ya miaka 5 asilimia 50, wa miaka 5 hadi 14 asilimia 60, watu wazima asilimia 20. Jumla yake ni wagonjwa 300, 180 na 20, yaani 500 kati ya 1,000. Nusu kamili.

*Mhamo wa sifa unaonekanaje.* Sampuli ya Malaba inatoa asilimia zilezile kwa kila kundi: 50, 60 na 20. Kwa mchanganyiko wa Malaba hiyo ni wagonjwa 100, 180 na 100, jumla 380. Kiwango cha jumla kimeshuka kutoka asilimia 50 hadi 38 ingawa ndani ya makundi hakuna kilichosogea. Anayeangalia jumla peke yake atasema majibu yamehama, na atatumia dawa isiyo yake. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

*Mhamo wa majibu unaonekanaje.* Rudi kituo kilekile cha Tororo, mvua zimenyesha na malaria imepanda mpaka wagonjwa 700 kati ya 1,000. Sura ya wenye malaria haijabadilika: kati yao bado asilimia 60 ni watoto wadogo, 36 ni wa miaka 5 hadi 14, na 4 ni watu wazima. Sura ya wasio na malaria nayo ni ileile ya zamani. Ukipiga hesabu, watoto wadogo wanafika asilimia 70, wa kati kama 78, watu wazima kama 37.

Asilimia za makundi yote zimepanda, na si kwa kiasi kimoja. Sasa badala ya asilimia, gawa wenye malaria kwa wasio nayo ndani ya kila kundi. Watoto wadogo walikuwa 1 kwa 1, sasa ni 2.33 kwa 1. Wa kati walikuwa 1.5, sasa 3.5. Watu wazima walikuwa 0.25, sasa 0.58. Kila kundi limezidishwa kwa namba ileile, 2.33. Hiyo ndiyo alama ya mhamo wa majibu: uwiano wa makundi yote unazidishwa kwa namba moja.

*Mhamo wa uhusiano unaonekanaje.* Asilimia za makundi zimebadilika, na uwiano haukuzidishwa kwa namba moja. Kundi moja limeruka, jingine limetulia. Mfano safi ni kituo kinapoacha kipimo cha haraka na kurudi kwenye hadubini. Kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha chanya kwa kipimo cha haraka na hasi kwenye hadubini. Kwa hiyo kundi la waliotumia dawa ndani ya wiki 4 litaporomoka, huku la wasiotumia likibaki karibu na lilipokuwa. Mgonjwa hajabadilika, kilichobadilika ni maana ya jibu.

Tahadhari ya ukubwa wa sampuli: watu wazima 100 wenye asilimia 20 Tororo, na 100 wengine wenye asilimia 27 Malaba, bado hawajakuthibitishia chochote. Kwa idadi hiyo, tofauti ya hadi pointi 11 inaweza kuletwa na bahati tu. Usitangaze mhamo wa uhusiano kwa sababu ya pointi 7.

Ukikuta ni mhamo wa majibu, unazidisha uwiano wa bashiri zako kwa ile namba moja, 2.33 kwenye mfano wetu, na modeli unaiacha ilivyo. Ukikuta ni mhamo wa uhusiano, hakuna hesabu ya uzito itakayokuokoa. Kusanya majibu mapya na ufundishe upya. Hatua zinazofuata ni za mhamo wa sifa peke yake.

Hatua ya 4: Kokotoa uzito

Uzito wa mgonjwa wa zamani ni sehemu ya kundi lake kwenye faili jipya, igawanywe kwa sehemu ya kundi hilo kwenye faili la zamani.

Watoto wadogo: 0.2 / 0.6 = 0.33. Wa kati: 0.3 / 0.3 = 1. Watu wazima: 0.5 / 0.1 = 5.

```python
sehemu_kale = kale["kundi"].value_counts(normalize=True)
sehemu_mpya = mpya["kundi"].value_counts(normalize=True)
kale["uzito"] = kale["kundi"].map(sehemu_mpya / sehemu_kale)
print(kale["uzito"].mean())
```

Wastani uwe 1 au karibu sana. Ukiwa mbali, ama umegeuza mgawanyo juu chini (kosa la kawaida kuliko unavyodhani), ama kuna kundi lipo faili moja na halipo jingine.

Kisha pima gharama. Mtu mzima mmoja wa Tororo sasa anahesabika mara 15 ya mtoto mdogo mmoja, kwa hiyo watu wachache ndio wanaobeba uamuzi. Jumlisha uzito wote, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa jumla ya uzito uliozidishwa kwa wenyewe mmoja mmoja:

```python
w = kale["uzito"]
print(w.sum()**2 / (w**2).sum())
```

Kwa mfano wetu jibu ni kama 349. Una mistari 1,000 kwenye faili, lakini nguvu ya ushahidi wako ni kama ya watu 349 tu. Hiyo bado inafaa kwa kazi. Ningekuta 40 ningeacha na kwenda kutafuta data ya watu wazima.

Hatua ya 5: Pima modeli upya kabla ya kuifundisha upya

Watu huruka hatua hii, na mara nyingine ndiyo pekee iliyohitajika. Chukua data ya majaribio ya Tororo, ile ambayo modeli haikuiona, na uhesabu makosa kwa uzito.

Tuseme modeli inakosea asilimia 10 kwa watoto wadogo, 15 kwa wa kati na 30 kwa watu wazima. Bila uzito, makosa ya jumla ni asilimia 13.5. Kwa uzito ni 0.2 × 10 + 0.3 × 15 + 0.5 × 30, sawa na asilimia 21.5. Kwa hiyo Malaba itakosea zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 5, na umelijua hilo ukiwa bado Tororo.

```python
import numpy as np
jaribio["uzito"] = jaribio["kundi"].map(sehemu_mpya / sehemu_kale)
kosa = (jaribio["bashiri"] != jaribio["jibu"])
print(np.average(kosa, weights=jaribio["uzito"]))
```

Hatua ya 6: Fundisha upya kwa uzito

```python
modeli.fit(X_kale, y_kale, sample_weight=w)
```

Usitegemee muujiza. Uzito unasaidia modeli iliyo nyepesi kuliko ukweli wenyewe. Kwenye mfano wetu malaria inapanda kutoka watoto wadogo kwenda wa kati, kisha inashuka kwa watu wazima. Modeli inayochora mstari mmoja ulionyooka juu ya umri haiwezi kufuata mlima huo, kwa hiyo lazima ichague wa kukosea. Uzito unaiambia isiwakosee watu wazima. Modeli inayoweza kuufuata mlima, kama ya miti mingi, tayari inajifunza kila kundi kivyake, na uzito huenda usiibadilishe kabisa. Mara nyingi kuongeza makundi ya umri kama safu zinazojitegemea kunaleta faida kubwa kuliko uzito.

Linganisha modeli mbili, yenye uzito na isiyo nao, kwa kipimo cha hatua ya 5 na kwa sampuli ya Malaba yenye majibu. Zikikaribiana, baki na isiyo na uzito.

Hatua ya 7: Sifa zikiwa nyingi

Makundi ya umri yalikuwa matatu. Ongeza neti na dawa, unapata 12, na mengine yatakuwa na watu wawili watatu. Hapo fundisha modeli ya pili yenye kazi moja: kukisia kama mgonjwa ametoka faili la zamani au jipya.

```python
import pandas as pd
from sklearn.linear_model import LogisticRegression
from sklearn.metrics import roc_auc_score
from sklearn.model_selection import cross_val_predict

X = pd.concat([kale[safu], mpya[safu]])
z = np.r_[np.zeros(len(kale)), np.ones(len(mpya))]
p = cross_val_predict(LogisticRegression(max_iter=1000),
                      X, z, cv=5, method="predict_proba")[:, 1]
print(roc_auc_score(z, p))
p0 = p[:len(kale)]
kale["uzito"] = p0 / (1 - p0) * len(kale) / len(mpya)
```

Namba ya `roc_auc_score` inakusomea hali. Ikikaribia 0.5, mafaili hayatofautiki kwa sifa hizo na huna cha kusahihisha. Ikikaribia 1, mafaili hayana wagonjwa wanaofanana, na uzito hauna pa kushika.

Tahadhari mbili. Ondoa tarehe, namba ya rejesta na jina la kituo kwenye `safu`, kwa sababu modeli itayakariri na kukupa 1 ya bure. Na safu ya majibu isiingie humo hata kwa bahati mbaya.

Mambo yakikwama

*Uzito mmoja umefika 60.* Tafuta mstari huo kwa macho kwanza. Mara nyingi ni umri ulioandikwa vibaya. Kama ni halali, weka kikomo, mathalani 10, kwa `clip(upper=10)`. Unapunguza kuyumba na kukubali upendeleo kidogo. Jaribu 5, 10 na 20. Matokeo yakibadilika sana kati yao, data haitoshi.

*Kundi lipo Malaba lakini Tororo halipo.* Uzito wake hauwezi kukokotolewa, na `map` haitakulalamikia kwa sababu hakuna mstari wa zamani wa kuuwekea. Wastani wa uzito utashuka chini ya 1, ndiyo sababu tuliuangalia. Usiitumie modeli kwa kundi hilo.

*Asilimia za makundi zinalingana kwa wote isipokuwa madereva wa malori.* Malaba ni mpakani, na dereva aliyeonekana leo hakuumwa na mbu wa Malaba. Malaria ya falsiparamu huchukua kama siku 7 hadi 14 tangu mbu aume mpaka homa, kwa hiyo cha muhimu ni wapi alilala wiki mbili zilizopita. Umri wake na neti ya jana usiku havisemi hilo. Ama ongeza safu ya mahali alipolala, ama watoe madereva kwenye modeli.

*Nimefanya yote, nikaipeleka Kabale, imeharibika kabisa.* Ni tatizo lilelile la madereva, kwa ukubwa wa wilaya nzima. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake inazuia mbu na kimelea. Apac, kule tambarare, iliwahi kupimwa kuwa na kuumwa zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja na mbu wenye vimelea. Mtu mzima wa Apac ana kinga aliyoijenga kwa miaka. Wa Kabale hana. Umri uleule, neti ileile, jibu tofauti. Kwa sifa ulizo nazo huo ni mhamo wa uhusiano, na uzito utakupa makosa yenye kujiamini zaidi. Ukiwa na vituo vya miinuko tofauti kwenye data ya zamani, ongeza mwinuko kama safu na urudie hatua ya 3, huenda ukageuka kuwa mhamo wa sifa unaosahihishika. Ukiwa na kituo kimoja tu, safu hiyo itakuwa na thamani moja kwa wote, na itakubidi ukusanye majibu Kabale kwenyewe.